"Ghali" siyo hesabu: makosa ya kufupisha rekodi za wateja wa sokoni

Wiki hii imekuwa mara ya tatu. Mfanyabiashara anakuja na simu yenye rekodi za sauti za wateja wakiulizwa maoni yao, kijana wake kashazifupisha, nashika karatasi nasoma mstari wa kwanza: "Wateja wengi wanasema bei ghali. Ushauri: tupunguze bei." Basi. Watu wameongea zaidi ya saa nzima, yote imeishia hapo, na huyu mama yuko tayari kukata faida yake kwa sababu ya huo mstari. Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka kwa hiyo leo naandika.

Dhana: mteja akisema ghali anataka bei ishuke

Hii ndo inanikera kuliko zote. Ghali ni neno la mdomoni. Mtu ukimsimamisha soko la Mgandini hapa Tanga, kapu mkononi, jua linampiga, ukamuuliza habari za bei, neno la kwanza kutoka ni ghali hata kama kinachomuuma ni kitu kingine kabisa. Ukihesabu hilo neno unakuwa umehesabu mazoea ya watu kuongea, malalamiko yenyewe bado hujayagusa.

Chukua kazi ya huyu mama wa mwisho, anauza nyanya na vitunguu. Rekodi 24, kila moja dakika 2 mpaka 4. Kijana alihesabu neno "ghali" akapata mara 19, akaandika watu 19 wamelalamikia bei. Nikavaa hedifoni nikasikiliza moja moja. Kumbe mara 6 ni yeye mwenyewe muulizaji kalisema: "Bei zetu unazionaje dada, ghali eeh?" Sasa hapo unategemea mtu ajibu nini? Zile 13 zilizobaki zimetoka kwa watu 10, maana kuna waliorudia. Kati ya hao 10, wawili wameitikia tu lile swali, "eeh, ghali kidogo," hawakuongeza neno, hao huwezi kuwaweka popote. Mmoja alikuwa anaongelea mkaa. Wamebaki 7.

Hao 7 ndo wa kukaa nao. Wanne wanalalamikia fungu. Msikilize mmoja, rekodi ya 07, dakika ya 1:42: "Ghali mwanangu, fungu la buku nyanya nne, na ile ya chini imepondeka, nikifika nyumbani naitupa." Huyu bi mkubwa anasema ghali lakini kidole kakiweka kwenye nyanya ya chini. Piga hesabu yake: katoa 1,000, kapata nyanya tatu za kupikia, kila moja imemgharimu kama 333. Mwenye meza angefuata ile karatasi akashusha fungu mpaka 800 na nyanya mbovu ikabaki pale pale chini, nzima moja inakuwa kama 267. Lakini akiacha buku yake vile vile akahakikisha zote nne ni nzima, nyanya moja inaangukia 250. Yani mteja anapata nafuu kubwa zaidi bila bei kuguswa. Kweli muuzaji atatafuta pa kupeleka zilizopondeka, hiyo ina gharama yake, ila zinauzika pembeni kama masalo kwa bei ya chini na mnunuzi anajua anachonunua. Ushauri huu huwezi kuupata kwenye "mara 19".

Wawili wengine wanalalamika bei haishiki. Akimkuta mama ni bei hii, akimkuta kijana ni bei nyingine, asubuhi hivi jioni vile. Dawa yake ni kipande cha boksi kilichoandikwa bei kikae juu ya meza. Anabaki mtu mmoja, mmoja tu, aliyesema kitunguu kilo moja upande wa pili bei yake iko chini kwa 200 kuliko hapa. Hilo ndo lalamiko la bei yenyewe, na hata hilo kabla hujaliandika unanyanyuka unaenda kuuliza upande wa pili, maana unaweza kukuta ni kitunguu kidogo au kibichi.

Kwa hiyo mi kila nikisikia ghali nasimamisha rekodi najiuliza: ghali kuliko nini? Kuliko jana, kuliko jirani, kuliko ukubwa wa fungu, au kuliko hela aliyotoka nayo nyumbani? Mteja mwenyewe kashajibu mara nyingi, tena kwenye sentensi inayofuata, ile ambayo mwenye haraka hafiki. Jibu lisipokuwepo naandika "haijulikani" naendelea. Usimtungie mtu sababu. Na wewe unayekwenda kurekodi, ghali isitoke kinywani mwako, uliza tu "mara ya mwisho ulinunua nini hapa, ikawaje?"

Dhana: aliyesema "nzuri tu" karidhika

Jamani sisi watu wa pwani. Nani atakusema vibaya mbele ya kinasa sauti, tena mama mwenye meza yuko hatua tano? Atakwambia nzuri tu, alhamdulillahi, hamna neno. Ni adabu hiyo, usiiweke kwenye safu ya wanachopenda. Subiri "ila" au "sema" au "tatizo tu". Kwenye hizi 24 nilikuta "nzuri tu, ila..." mara tano na kijana zote kaandika "ameridhika" akakata pale kwenye koma. Anachopenda mteja utakijua kwa anachokifanya: "huwa napita kote nakuja hapa kwa sababu nachagua mwenyewe." Huyo ndo kasema anachopenda, kuachiwa achague. Usizime rekodi pia ukishasema asante, la maana wengi wanalisema wakiwa wanaondoka.

Dhana: tuweke asilimia ionekane ya kitaalamu

Hapana. Andika "4 kati ya 24". Ukiandika asilimia 17 mfanyabiashara anadhani umewapima wateja wake wote, wakati umewapata waliokuwa na nafasi ya kusimama saa nne asubuhi. Mama lishe walishanunua alfajiri wakaondoka, wa jioni hawajafika, na aliyehama meza hayupo kabisa. Juu ya karatasi andika siku na saa ya kurekodi.

Dhana: kila alichoshauri mteja ni pendekezo

Ukimuuliza mtu "una ushauri gani?" atatafuta cha kusema asionekane hana. "Mlete kwa bodaboda" nimeisikia kwa watu wanaokaa Chuda, hapo hapo karibu. Nayatenga mafungu mawili: aliyoyasema kabla hajaulizwa, na aliyoyasema baada ya kuulizwa. La kwanza hata likiwa moja nalipa uzito. Huyu mama alipata moja la namna hiyo, fungu la 500 kwa anayeishi peke yake.

Dhana: mchezeshee mwenye meza sauti asikie mwenyewe

Tafadhali usifanye hivi. Anawajua wateja wake kwa sauti. Nimeshaona mteja kanuniwa mwezi mzima kwa jambo alilolisema kwa nia njema. Sauti ni taarifa binafsi, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo omba ruhusa mwanzoni na jibu lisikike kwenye rekodi. Kwa muuzaji peleka maandishi, namba ya rekodi na dakika, bila jina wala "yule wa Makorora mwenye baibui la kijani".

Karatasi ya mama yule ilitoka upande mmoja tu: fungu bila mbovu chini, bei kwenye boksi, fungu la 500, na kitunguu akaulizie upande wa pili. Bei ya nyanya nimemwambia asiiguse mpaka turekodi tena, safari hii jioni.