Jiwe la mtoto, fidia ya nani?

"Mtoto akiharibu, mzazi lazima alipe."

Sivyo, angalau katika sheria ya madhara ambayo Kenya na Tanzania zilirithi kwa Waingereza. Mzazi hudaiwa kwa uzembe wake mwenyewe, kwa mfano kumwachia mtoto mdogo manati bila uangalizi. Shule nayo hupimwa hivyo hivyo. Katika kesi ya Carmarthenshire dhidi ya Lewis, iliyoamuliwa London mwaka 1955, mtoto wa chekechea alitoka peke yake hadi barabarani. Dereva wa lori akamkwepa, akagonga nguzo, akafa. Mwalimu hakulaumiwa: alikuwa akimhudumia mtoto mwingine aliyeumia. Halmashauri yenye shule ndiyo iliyowajibika kwa mjane, maana haikuweza kueleza jinsi mtoto mdogo alivyotoka kirahisi hivyo.