Si kila msiba huacha funzo

Husemwa: "Mtu akipitia magumu lazima atoke imara zaidi, asipotoka hivyo, hajajifunza."

Wapo wanaobadilika kwa wema baada ya ajali au kufiwa, na hilo si la kubeza. Shida iko kwenye kipimo cha ukuaji huo. Dodoso linalotumika sana kupima ukuaji baada ya msiba, la mwaka 1996, lina kauli 21, zote za mabadiliko mazuri. Mhojiwa hujipa alama 0 hadi 5 kwa kukumbuka alivyokuwa zamani. Aliyedhoofika hana pa kuandika. Tena kumbukumbu hutupendelea: watafiti walipowapima watu kabla ya tukio na baada yake, ukuaji uliosimuliwa haukulingana sana na mabadiliko yaliyopimwa.

Kwa hiyo ukisoma habari za namna hii, tazama kama wahusika walipimwa mara mbili au waliulizwa baadaye tu.

Mjane aliyemaliza arobaini akiulizwa, "Shemeji, msiba huu umekufunza nini?", huenda akajibu "ujasiri" ili mgeni amalize chai aondoke. Saa tisa usiku bado yuko macho. Hata anayekua kweli, mara nyingi usingizi humpotea vilevile.