Barua kwa bodi ya AMCOS: andika ulichokiona, usiandike unachodhani

Kila msimu wa mbolea hapa ofisini kwetu Moshi tunaletewa barua za wanachama wanaolalamikia bodi za AMCOS zao, yaani vyama vyao vya ushirika vya wakulima, na nyingine ukisoma unaona kabisa mwandishi ana hoja ila ameiua mwenyewe mstari wa kwanza. Moja ilianza hivi: "Mwenyekiti ni mwizi, anakula na shemeji yake, tunajua kila kitu." Mwenye barua ni mzee mmoja mkulima wa kahawa huku juu mlimani, jina lake na la chama nayaacha.

Kisa chenyewe ni hivi. Chama kilinunua mifuko 120 ya mbolea kwa 78,000 mfuko, duka lililouza ni la shemeji yake mwenyekiti, na wiki hiyo hiyo mzee alikuwa amenunua wa kwake mjini kwa 70,000 na risiti anayo. Tofauti ni 8,000 kwa mfuko, jumla 960,000. Sasa hiyo ni hoja nzito kweli, lakini bodi ilipokaa ikatumia kikao kizima kubishania neno mwizi, mwenyekiti akataja mpaka wakili, na kwenye muhtasari ikaandikwa "barua ya matusi kutoka kwa mwanachama". Bei haikuguswa kabisa!

Alipokuja kwetu tukamwambia mzee wetu tugawe mambo mafungu matatu, ulichokiona kwa macho, ulichosikia, na ulichojumlisha kichwani. Alichokiona ni ankara iliyobandikwa ofisini kwa chama na risiti yake mwenyewe. Alichosikia, kwamba wamegawana hela, kilitoka kwenye kilabu cha mbege (na mbege ni nzuri ila haisaini ushahidi). Wizi ulikuwa wa kichwani kwake, inawezekana ni kweli inawezekana sio, ila hana karatasi. Tukabakiza fungu la kwanza tu, na ule ushemeji nao tukaubakiza kwa sababu ndio unaofanya jambo liwe la maadili na sio la bei peke yake, ila tuliuandika kwa namna ya kuruhusu kusahihishwa. Barua mpya ikawa hivi:

"Ankara iliyobandikwa ofisini inaonyesha chama kilinunua mifuko 120 kwa shilingi 78,000. Wiki hiyo hiyo mimi nilinunua mbolea ya aina hiyo mjini kwa 70,000, nakala ya risiti naambatanisha. Inawezekana bei ya chama ina usafiri au gharama nyingine nisizozijua. Ninavyofahamu mmiliki wa duka ni shemeji wa mwenyekiti, kama sivyo naomba nisahihishwe. Naomba bodi inijibu: kotesheni zilikuwa ngapi na za maduka gani, na je, muhtasari unaonyesha mwenyekiti alitangaza maslahi yake na kutoka nje wakati wa uamuzi?"

Angalia maswali yake, yote majibu yake ni karatasi. Ukiuliza "kwa nini mnatuibia" mtu atajibu kwa hasira na imeisha hiyo, lakini ukiuliza kotesheni ziko wapi, ama zipo ama hazipo.

Na lile neno la usafiri ndilo lililomwokoa mzee, maana bodi ilijibu kwamba kweli bei ilikuwa na usafiri mpaka stoo ya chama, 3,500 kwa mfuko, yaani 420,000. Angekuwa ameshasema imeibiwa 960,000 wangemwumbua hapo hapo na mambo yakaishia hapo. Badala yake ikabaki 540,000 isiyo na maelezo, na wakakiri kotesheni ilikuwa moja tu na mwenyekiti alikuwemo kikaoni mwanzo mwisho. Kwa hiyo kilichothibitika sio wizi, ni mgongano wa maslahi, na hicho bodi ilishindwa kukikwepa.

Kuhusu kuipeleka, mpe katibu kabla ajenda haijafungwa, akusainie na kuweka tarehe kwenye nakala yako. Usiirushe kwenye grupu la wasapu kwanza. Na ile tabia ya kujaza chini "nakala kwa TAKUKURU, nakala kwa DC" siku ya kwanza mimi siipendi, bodi inaisoma kama kitisho na inajibu kama mtu aliyetishwa.

Ila kuna wakati bodi sio pa kuanzia, mfano ukiona vocha zinachanwa, au walionufaika ndio wengi kwenye bodi yenyewe, au siku za kujibu ulizowapa zimepita na kimya. Hapo unaenda kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inampa Mrajis uwezo wa kufanya uchunguzi kwenye chama, na barua ni ile ile tu, unabadilisha anwani na kuambatanisha nakala iliyosainiwa na katibu.