Betri kuisha usiku si lazima iwe shoti

Gari likigoma kuwaka asubuhi, fundi hata boneti hajafungua atakwambia kuna shoti. Shoti ni chanya kugusa bodi au hasi bila kupitia kifaa chochote, na ikitokea kwenye njia yenye fyuzi, fyuzi inaungua papo hapo. Kinachomaliza betri usiku kucha huwa ni kinyume chake: fyuzi nzima, waya mzima, ila kuna kifaa kinachoendelea kunyonya umeme gari likiwa limezimwa. Ndiyo maana kukagua fyuzi zilizoungua hakukusaidii. Anayetafutwa amejificha nyuma ya fyuzi nzima.

Hupatikana kwa mita. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, legeza teminali ya hasi uitoe, kisha unganisha mita kati ya nguzo ya hasi na kebo yake, umeme wote upite ndani ya mita. Ukiiweka hivyo kati ya chanya na hasi, hapo sasa umetengeneza shoti ya kweli. Usiwashe swichi wala kupiga stata, fyuzi ya mita itakufa.

Usiamini namba ya kwanza. Kompyuta za gari huchukua nusu saa, mengine hata saa nzima, kulala. Kabla ya kusubiri, fungua mlango wa upande wenye kisanduku cha fyuzi na ufunge kitasa chake kwa bisibisi, gari lidhani mlango umefungwa. Magari mengi yakishalala husoma chini ya 0.05A.

Tuseme inasoma 0.45A. Chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Ukichomoa ya taa za ndani ikashuka hadi 0.03A, umeshapata njia. Taa ya buti ya wati 5 peke yake hula takriban 0.42A. Fyuzi zote zikitoka na namba haijashuka, shuku alteneta: waya wake mnene mara nyingi haupiti kwenye fyuzi hizo ndogo, na dayodi mbovu hurudisha umeme wa betri ndani yake. Usirudishe fyuzi ovyo katikati ya kazi, maana unaweza kuiamsha kompyuta na namba ikapanda tena bila kosa la mtu.

Sasa piga hesabu. Hiyo 0.45A kwa saa 12 ni kama 5.4Ah tu, betri nzima ya 45Ah iliyojaa bado itapiga stata. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60, inakula 27Ah, na hapo ndipo gari hugoma. Kwa hiyo kama mita inasoma 0.03A na betri inakufa kwa usiku mmoja, fundi aache nyaya zako. Betri ichajiwe ijae, kisha ipimwe ikiwa chini ya mzigo.