Kazi ya kujishikiza haifichwi

Wiki iliyopita binti mmoja alinitumia wasifu wake niupitie kabla hajaomba kazi ya uhasibu. Mstari wa mwisho wa uzoefu wake ulikuwa umeishia Machi 2022, na alikuwa ananiandikia akiwa na barua ya maombi ya Novemba 2023. Nikampigia simu. "Hii miezi 19 ulikuwa wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, nilikuwa keshia tu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Tegeta. Nikaona nikiiandika watanidharau."

Kwa mwaka mzima sijapitisha mwezi bila kusikia maneno hayo. Naandika haya kwa sababu imani hii inawanyima watu usaili, na wanaonyimwa ni wale hasa waliohangaika badala ya kukaa.

Dhana yenyewe ni hii: mwenye digrii akifanya kazi iliyo chini ya elimu yake, aifiche, maana itamshusha thamani. Ukweli ni kwamba anayepanga wasifu 80 mezani haoni kilichofichwa. Anaona pengo, na pengo halina maelezo, kwa hiyo analijaza mwenyewe: labda alifukuzwa kwa wizi, labda ana kesi, labda ameshasahau kazi. Ukeshia hata siku moja haukumfikirisha mambo hayo. Yule binti alipunguzwa kazini Machi 2022 pamoja na wenzake, akaanza dukani Agosti. Akiiandika kazi ya duka, miezi 19 inabaki minne, Aprili hadi Julai, na minne kwa mtu aliyepunguzwa kazi haimshangazi mtu yeyote.

Nilimwomba anieleze siku yake dukani, tangu kufungua hadi kufunga. Hapo ndipo watu hawa hunisikitisha, kwa sababu hawajui walichonacho. Kila jioni alikuwa anatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, kwenye mashine ya risiti ya EFD, anahesabu fedha taslimu za droo, anajumlisha malipo yaliyoingia kwa simu, kisha anaoanisha vitu hivyo vitatu. Wiki za kwanza hesabu ilikuwa haifungi. Akafuatilia akagundua chanzo: fundi ananunua mifuko kumi ya saruji, anarudisha miwili, anarudishiwa pesa yake mkononi, lakini risiti ya EFD ikishatoka haifutiki. Ripoti inaendelea kuonyesha mauzo ya mifuko kumi, na mwenye duka anaonekana anadaiwa VAT ya bidhaa zilizorudi stoo. Basi akanunua daftari la kaunta, akawa anaandika kila bidhaa iliyorudishwa, namba ya risiti, tarehe na kiasi, na kumkabidhi mhasibu wa nje wa duka mapema, kabla ya tarehe 20 ambapo ritani ya VAT ya mwezi uliopita inatakiwa iwe imeshawasilishwa.

Huo ni uhasibu. Aliufanya akiwa amesimama kaunta, lakini ni uhasibu. Tukauandika hivi:

Keshia (mkataba wa muda), duka la vifaa vya ujenzi, Tegeta. Agosti 2022 – Oktoba 2023.
Nilifunga hesabu ya kaunta kila siku kwa kuoanisha ripoti ya Z, fedha taslimu na malipo ya simu.
Nilianzisha daftari la bidhaa zilizorudishwa, lililotumiwa na mhasibu wa nje kuandaa ritani ya VAT.

Mistari mitatu inatosha. Katika wasifu wenyewe jina la duka linaandikwa kamili. Kazi yake ya zamani ya uhasibu ikabaki na mistari sita, kwa sababu ndiyo inayoombewa kazi, na wingi wa mistari ndio unaomwonyesha msomaji aangalie wapi kwanza. Neno "mkataba wa muda" nalisisitiza sana. Linaeleza kwa nini ulikuwa pale bila wewe kuomba radhi.

Kuna wanaoruka upande wa pili, wakajipandisha cheo. Keshia anajiita "Meneja wa Fedha". Hilo sikubali kulisahihisha kwa upole. Mwajiri anampigia mwenye duka simu moja, mwenye duka anasema, "Alikuwa keshia wangu, mzuri sana," na sifa hiyo nzuri ndiyo inayokuangusha. Hata taarifa yako ya michango ya NSSF inaonyesha mwajiri gani alikuchangia na miezi ipi. Cheo andika kile kile ulichoitwa. Uzito uweke kwenye ulichofanya.

Kwenye usaili nako, jibu liwe fupi. Nilimfanyisha mazoezi mpaka likamtoka bila kusita: "Nilipopunguzwa kazini nilihitaji kipato, nikaomba ukeshia. Nilikuwa nafunga hesabu kila siku na kushughulikia bidhaa zilizorudishwa kwa ajili ya ritani. Sasa narudi kwenye uhasibu kamili, na ndiyo maana nimeomba nafasi hii." Ukimaliza, nyamaza. Anayeendelea kueleza hali ya uchumi na kodi ya nyumba humfanya msaili adhani kuna jambo linafunikwa.

Je, kuna kazi ya kuachwa nje ya wasifu? Ipo. Udeiwaka wa wiki tatu bandarini katikati ya miezi ambayo tayari ina kazi nyingine, usijaze nao karatasi. Lakini fomu ya maombi ikitaka historia yote ya ajira na ukaweka sahihi kwamba umesema kweli, jaza yote.

Dhana nyingine nazisikia kidogo kidogo. Wapo wanaosema mwenye duka asijue kwamba una digrii. Atajua, na atahisi umemchezea. Mwambie una digrii, mwambie utakaa naye angalau miezi sita, kisha ukae. Omba pia zamu ya mchana siku moja au mbili kwa wiki, maana usaili mwingi hufanyika asubuhi, na kazi inayokula asubuhi zote itakufunga pale pale.

Wengine wanaamini mshahara mdogo wa kazi hiyo utakufuata. Ukiulizwa unatarajia kulipwa kiasi gani, taja kiwango cha nafasi unayoomba. Ukiulizwa ulikuwa unalipwa ngapi, sema kweli, na uongeze kwamba ilikuwa kazi ya ukeshia.

La mwisho ni la karatasi, na hapa ndipo ninapogombana na wateja wangu zaidi. Wanadhani kazi ya kujishikiza haina barua, kwa hiyo ikipatikana nyingine wanaondoka Ijumaa na Jumatatu hawapokei simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haibagui keshia. Baada ya mwezi wa kwanza, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku zisizopungua 28. Ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Na ajira ikikoma, mwajiri anapaswa kukupa cheti cha utumishi. Andika notisi, baki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea, kabidhi droo na daftari mbele ya shahidi, kisha omba cheti kabla hujatoka. Yule binti aliondoka dukani kwa heshima lakini cheti hakuomba. Jumamosi hii anarudi Tegeta kukifuata, na kumwomba mwenye duka awe mdhamini wake.