Kwa nini mizunguko ya papa na samaki inajifunga: V ile isiyobadilika

Watu wengi wakifika kwenye mfumo wa Lotka na Volterra, ule wa idadi ya wanaoliwa na wanaowala, wanaangalia grafu, wanaona duara limepindapinda kuzunguka msawazo, wanasema sawa, inazunguka, wanaendelea mbele. Mi naona hapo ndo pa kusimama, maana swali la kwa nini njia inarudi palepale ilipoanzia, sio karibu na pale, lina jibu zuri sana na halihitaji hesabu nzito.

Ekwesheni zenyewe, x ni samaki wanaoliwa na y ni papa wanaowala, na a, b, c, d ni namba chanya zisizobadilika:

```
x' = x(a - b*y)
y' = y(d*x - c)
```

Msawazo upo x = c/d na y = a/b. Ili tusizame kwenye herufi nitaweka zote nne ziwe 1. Ukichagua vizuri vipimo vya idadi na vya muda, kinachobaki ni uwiano c/a peke yake, na hoja haibadiliki hata huo ukiwa tofauti na 1. Basi tuna x' = x(1 - y), y' = y(x - 1), na msawazo ni (1, 1).

Njia wanayoikimbilia wengi ni kunyoosha ekwesheni karibu na msawazo, unatafuta aigenivalyu unapata i na -i, hazina sehemu halisi, kwa hiyo wanasema ni mizunguko iliyojifunga. Hapana, hiyo haitoshi! Ulipozinyoosha ekwesheni ulitupa vipande vidogo, na sehemu halisi ikiwa sifuri kabisa hivyo vipande vidogo ndo vinaamua, vinaweza kuivuta njia ndani polepole au kuisukuma nje polepole na hesabu yako ya kunyoosha isikwambie chochote. Tunahitaji kitu kinachoishika njia yenyewe, mbali na msawazo pia.

Gawanya y' kwa x' muda unatoweka, halafu peleka x zote upande mmoja na y zote upande mwingine:

```
(1/y - 1) y' = (1 - 1/x) x'
```

Kila upande unaintegretika peke yake, na ukikusanya unapata

```
V(x, y) = x - ln x + y - ln y
```

ambayo haibadiliki kwenye njia yoyote. (Kwa herufi za jumla ni d*x - c*ln x + b*y - a*ln y.) Hakikisha mwenyewe: V' = (x - 1)(1 - y) + (y - 1)(x - 1), ni sifuri. Hii ndo integrali ya kwanza.

Sasa hapa kuna mtego ambao naomba usiuruke. Kuwa na kitu kisichobadilika hakumaanishi njia imejifunga. Chukua x' = x, y' = -y: zao la xy halibadiliki kabisa, lakini njia zake ni hiperbola zinazoenda mbali bila kurudi. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye umbo la V, sio kuwepo kwake tu.

Angalia s - ln s peke yake. Mteremko wake ni 1 - 1/s, hasi kabla ya 1, chanya baada ya 1, kwa hiyo inashuka mpaka s = 1 halafu inapanda, na inapanda bila mwisho pande zote mbili, ukikaribia sifuri kwa sababu ya logi na ukienda mbali kwa sababu ya s yenyewe. V ni mbili za hivyo zimejumlishwa, kwa hiyo ni kama bakuli ambalo kitako chake kipo (1, 1) kwa kimo cha 2, na kingo zake hazina mwisho, hata kwenye mihimili. Simama kitakoni, chagua upande wowote, tembea moja kwa moja: V inapanda tu, haishuki hata mara moja, kwa hiyo kimo chochote unachotaka zaidi ya 2 utakipita mara moja na mara moja tu. Kila upande nukta moja, ukizungusha pande zote unapata pete moja iliyojifunga, na pete hiyo haigusi mihimili wala haiendi mbali.

Bado kipande kimoja, mfumo usije ukasimama katikati ya pete. Mahali pekee ambapo kasi zote mbili ni sifuri huku x na y zikiwa chanya ni msawazo, na pete haipiti hapo, kwa hiyo kwenye pete nzima kasi haishuki chini ya kiwango fulani kilicho juu ya sifuri, na urefu wa pete una mwisho. Lazima izunguke ndani ya muda wenye mwisho na kurudi palepale, halafu irudie hivyohivyo.

Tujaribu na namba. Anza (2, 1): V = 2 - 0.693 + 1 = 2.307. Papa wanaongezeka, tunapita (1, 2), kisha kwenye y = 1 lazima x - ln x iwe 1.307 tena, na suluhisho la pili la hiyo ni x karibu 0.406. Halafu (1, 0.406), halafu (2, 1). Bila kusolvu ekwesheni kwa muda tumeshajua samaki hawatapungua chini ya 0.406 wala kuzidi 2.

V pia ni kipimo cha kumkamata kompyuta anapokudanganya. Tumia njia ya Euler kwa hatua h ya 0.1 kutoka (2, 1): unafika (2, 1.1), V ni 2.3115, kisha (1.98, 1.21), V ni 2.3163. Inapanda kila hatua, na sio bahati mbaya: Euler anatembea kwenye mstari unaogusa pete, na kwa kuwa V imepinda juu kila upande, mstari unaogusa upo nje ya pete daima. Grafu itaonyesha njia inayotanuka na utadhani ni tabia ya samaki. Ukitaka nafuu tumia hii, x mpya inaingia kwenye mstari wa pili:

```
x = x*exp(h*(1 - y))
y = y*exp(h*(x - 1))
```

Hapa, kwa h ndogo, V inacheza juu chini kidogo lakini haikimbii.

Kujifunga kwa njia ndo kulikompa Volterra jibu lake la mwaka 1926, la kwa nini papa waliongezeka wakati wa vita. Mwanabiolojia Umberto D'Ancona alikuwa na takwimu za masoko ya Adriatiki, pale Fiume samaki wa jamii ya papa walikuwa kama asilimia 12 ya samaki waliovuliwa mwaka 1914 na wakafika kama 36 mwaka 1918, wakati uvuvi ulikuwa umepungua kwa vita. Rudisha herufi: x'/x = a - b*y, na mzunguko mmoja ukiisha ln x imerudi ilipoanza, kwa hiyo wastani wa y kwenye mzunguko ni a/b kamili, na wa x ni c/d. Uvuvi wa kiwango e unafanya a iwe a - e, na c iwe c + e. Punguza e, wastani wa papa unapanda na wa samaki wadogo unashuka.

Lakini hii V ni nyeti mno. Wape samaki ushindani kidogo wa chakula, x' = x(1 - y - k*x), msawazo unahamia (1, 1 - k), na V inayolingana, x - ln x + y - (1 - k)*ln y, inatoa V' = -k(x - 1)^2. Kwa k yoyote chanya iliyo chini ya 1, hata iwe ndogo kiasi gani, V inashuka, pete zote zinavunjika na kila njia inaelekea ndani mpaka kwenye msawazo.