Nyumba ya mawe ya Lamu: nani anaishia wapi, na kwa nini

Watu wengi wakisikia nyumba ya kiwanda cha kati, kiwanda kwa maana ya uwanja wa wazi ndani ya nyumba, wanafikiria ua tu, yaani mahali pa kupata hewa na mwanga huku umezungukwa na kuta. Ni kweli lakini ni nusu ya habari. Kwenye zile nyumba za zamani za Lamu, nyingi zake za karne ya 18, kiwanda ndicho kinachowezesha nyumba igeuke na kuupa mtaa mgongo, manake mwanga ukishatoka juu katikati huna haja ya dirisha la barabarani, na usipokuwa na dirisha la barabarani hakuna wa kukuchungulia. Ukipita kichochoro cha Lamu unaona ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe, vitundu vidogo juu kabisa vya kupitisha hewa, na mlango. Basi. Huwezi kujua humo ndani wana nini.

Sasa utaratibu wenyewe uko hivi. Nyumba imepangwa kwa kina, kila hatua unayopiga kutoka mtaani wanaoruhusiwa kuendelea wanapungua. Hakuna vyumba vingi vya kufunga na ufunguo kama tulivyozoea sasa, kinachokuzuia ni adabu, pazia, kona na kidaraja cha sakafu.

Tuchukue mgeni, tuseme mfanyabiashara ametoka safarini anakuja kumwona mwenye nyumba. Anaanzia dakani, ile sehemu yenye paa mbele ya mlango, ina baraza za mawe kulia na kushoto. Hapo ni pa wanaume, anapiga hodi anakaa, kahawa inaletwa, mazungumzo ya biashara yanaisha hapohapo na hakuna anayeona kwamba amebaniwa. Akiwa ni wa karibu zaidi anavuka mlango anaingia tekani, kijisehemu cha ndani ya mlango ambacho njia yake inapinda kabla ya kufika kiwandani. Hiyo kona si mapambo! Hata mlango ukiachwa wazi siku nzima mpita njia anaona ukuta tu. Na akiwa anatakiwa kulala, anapelekwa sabule, chumba cha wageni ambacho kwenye nyumba nyingi kina ngazi yake ikianzia pale pale tekani, kwa hiyo mgeni anaweza kukaa wiki nzima, anakula, analala, anatoka, na hajakutana na mwanamke hata mmoja wa nyumba ile. Mi naona hiki ndicho kipande chenye akili kuliko vyote, maana ukarimu unatimia na stara haiguswi.

Ukishavuka kiwanda ndiko familia iliko. Unaanza na msana wa tini, yaani wa chini, halafu msana wa yuu, yaani wa juu, halafu chumba kinachoitwa ndani. Misana ni kama kumbi ndefu nyembamba zilizolala sambamba, moja nyuma ya nyingine, na wembamba wake unatokana na boriti za mikoko zinazobeba dari, kwa sababu boriti haivuki upana zaidi ya kama mita 3 hivi. Fundi hana namna ya kukupa chumba kipana, kwa hiyo nyumba ikitaka kukua inaongeza ukumbi mwingine nyuma ya ule wa kwanza, na kila unaoongezwa uko mbali zaidi na mlango. Mti wenyewe umesaidia kupanga heshima, ukipenda kusema hivyo. Sakafu nayo inapanda kidogo kila unapoingia ukumbi unaofuata, na urembo wa plasta unazidi. Ukifika mwisho unakuta ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo vya kauri na vitu vya thamani. Kumbuka kazi yote hiyo imewekwa mahali ambapo mgeni wa kiume hafiki abadan. Aliyetakiwa kuiona ni jamaa na wanawake wenzake wa daraja moja na mama mwenye nyumba.

Ndani ni pa mama, na mambo ya uzazi na ya msiba, kama kuosha maiti, yalifanyika huku nyuma kabisa ya nyumba. Choo kiko pembeni, kina maji yake kwenye birika, kwa hiyo mtu hahitaji kutoka nje kwa shida yoyote ya mwili.

Hapa ndipo watu wanaruka haraka na kusema wanawake walifungiwa. Hebu subiri kwanza. Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa baba anamjengea au anamwandalia binti nyumba akiolewa, na mume ndiye anayehamia. Nafasi ikiwa finyu wanaongeza ghorofa, au wanavuka barabara kwa wikio, chumba kinachojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, na huko juu mama na binti na dada wanatembeleana bila mguu kukanyaga mtaa. Mume mchana hana kazi humo ndani, wenzake wako dakani na msikitini, akishinda msanani anaonekana wa ajabu. Kwa hiyo mipaka ilimbana na yeye, ila yeye alikuwa na mji mzima wa kwenda.

Lakini kuna swali ambalo ukiliuliza picha yote inabadilika: maji nani anateka, sokoni nani anaenda? Watumwa. Na kwenye nyumba ya ghorofa watumwa na mizigo vilikuwa chini, waungwana juu. Mwanamke mtumwa alipita kila mahali, kisimani, sokoni, jikoni kule juu darini, hata ndani kwenyewe akihudumia, na yeye hakuwa na pembe ya nyumba inayomsitiri. Stara ya bibi ilisimama juu ya mwenzake asiye na stara, wote wanawake, chini ya dari moja. Ndiyo maana ukisoma ramani ya nyumba hizi kwa jinsia peke yake utakosea, ilikuwa jinsia pamoja na daraja la mtu. Na wasiokuwa na uwezo, wale wa nyumba za udongo na makuti, mpangilio huu haukuwahusu kwa ukamilifu wake. Utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, bibi hakuwa tena na watu wa kumtumikia bure, wala wa kumbebea shiraa, lile hema la kitambaa alilotembea katikati yake mtaani. Buibui ndilo lililoshika nafasi hiyo, yaani stara iliyokuwa kwenye ukuta na kwa watu ikahamia kwenye nguo.

Siku hizi mpangilio unavunjika kwa vitu vidogo. Jirani akipandisha ghorofa moja zaidi anakiona kiwanda chako chote, na kiwanda hakina kinga ya juu, kuta zote zilijengwa kuzuia macho ya mtaani. Ukitoboa dirisha la barabarani chini upate upepo, ile kona ya tekani haina maana tena. Na nyumba ikigeuzwa ya kulaza watalii kinachotokea ni kichekesho kidogo, manake chumba cha nyuma chenye zidaka ndicho kizuri kuliko vyote kwa hiyo ndicho anachopewa mgeni, yule yule ambaye zamani angeishia sabule.